Nauli ya gunia la karoti Lukozi mpaka Ilala: msiniambie tena elfu kumi

Mtu yeyote wa Lukozi, huku kwetu Lushoto, ukimuuliza nauli ya gunia la karoti mpaka Dar es Salaam, atakujibu bila kuinua kichwa: elfu kumi. Nimeambiwa hivyo na wakulima wenzangu, na madereva, na mjomba wangu ambaye ana miaka hajapeleka hata kiroba sokoni. Nami niliimba wimbo huohuo mpaka siku nilipokaa na karatasi.

Hiyo elfu kumi ni ya gunia kulala juu ya bodi, basi. Gunia halijitoi shambani lenyewe. Mimi shamba langu liko bondeni, kwa hiyo kuna Kenta ya kulitoa mpaka barabarani, kama elfu mbili. Kuna vijana wa kupakia. Kuna ushuru wa halmashauri (stakabadhi yake itunze kama kitambulisho, utaulizwa tena mbele ya safari). Ukifika Ilala kuna makuli wa kushusha na ushuru wa soko. Ukijumlisha yote unakuta elfu kumi na tano au na sita, na hapo bado dalali hajafungua mdomo.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema tu lakini ana ushauri mwingi kuliko mazao, ndiye aliyenipeleka kwenye semitrela. "Mgosi," akaniambia, "gari kubwa nauli ndogo, hesabu ya darasa la tatu." Semitrela haipandi kona za Soni kuja kutafuta karoti, inangoja chini Mombo. Nauli yake ilikuwa elfu sita kwa gunia. Sita dhidi ya kumi! Nilikuwa na magunia sitini, nikaona nimeokoa laki mbili na arobaini kabla sijatoka nyumbani. Usiku ule nilishazitumia kichwani: mabati.

Tukateremsha kwa Kenta mpaka Mombo, elfu nne kwa gunia. Hapo tayari sita imekuwa kumi, lakini mabati yalikuwa yameshanipumbaza. Tukafika mchana, tukafaulisha mzigo, elfu moja nyingine kila gunia. Vijana wa kufaulisha hawana mchezo wa pole pole. Gunia linatoka Kenta linarushwa, linatua kwa kishindo, na karoti ni zao linaloonekana gumu lakini ncha zinakatika. Karoti iliyokatika ncha inaoza kuanzia pale palipokatika.

Nikamuuliza dereva, tunaondoka saa ngapi? Akanijibu, "Likijaa." Semitrela inabeba magunia zaidi ya mia mbili na nusu. Mimi nimeleta sitini. Mwingine wa Malindi, hii ya Lushoto, ameleta kama hamsini za kabichi. Hesabu ya darasa la tatu haikuwa na sura ya kungoja watu wengine wavune.

Tukalala Mombo. Asiyeijua Mombo afahamu kwamba kule kwetu juu mtu anavaa koti saa sita mchana, lakini Mombo iko chini kabisa kwenye tambarare, jua lake linachoma mpaka usiku. Karoti zangu nilikuwa nimeziosha vizuri zing'ae, nikazifunga zikiwa bado na maji. Siku ya pili nikapenyeza mkono katikati ya magunia ya chini, nikautoa haraka. Kulikuwa na joto la kuchemshia uji. Karoti iliyovunwa bado inapumua, na kupumua kwake kunatoa joto. Ukizibananisha mbichi mbichi, ukazifunika turubai, joto halina pa kutokea. Dalili ya kwanza si harufu, ni utelezi. Ukishika karoti ikakuteleza kama imepakwa ute, gunia hilo limeshaanza safari nyingine.

Gari likaondoka siku ya tatu. Ilala nikafungua magunia, kumi na manne yakaenda kwenye taka, na kuyatupa nako nililipia. Nikabaki na arobaini na sita ya kuuza. Sasa chukua karatasi: kila gunia lilinigharimu kama elfu kumi na tatu ukiweka Kenta, kufaulisha, semitrela, kushusha na ushuru. Mara sitini ni laki saba na elfu themanini. Lakini pesa iliingia kwa magunia arobaini na sita tu, kwa hiyo kila gunia lililouzwa limebeba karibu elfu kumi na saba. Usafiri wa elfu sita huo. Jirani nilipomweleza akasema nilikosea siku ya kwenda.

Tangu hapo nauli sigawanyi kwa magunia niliyopakia. Nagawanya kwa yale yaliyouzwa, na ndipo gari la bei ndogo linapovuliwa nguo.

Sasa niwape ninayojivunia. Fuso ya tani kumi ukiiagiza itoke Dar ije kubeba mzigo wako, inakutoza kwenda na kurudi hata kama mwenye gari hatamki hivyo. Kwangu walikuwa wanataka laki tisa na ushee. Lakini Lushoto mjini kuna maduka ya jumla, na kila wiki yanashushiwa sabuni, mafuta ya kula, mabati na vitu vya Kariakoo. Fuso likishashusha, linarudi Dar likiwa tupu, na dizeli ya kurudi inamuuma mwenye gari. Hilo ndilo gari langu. Nilijenga urafiki na kijana anayeshusha mizigo kwenye duka moja, ananipigia gari likiingia, namtumia ya soda. Tahadhari moja: usikimbilie gari la saruji. Nililikimbilia moja kwa shangwe, kumbe saruji yetu inatoka Tanga, na gari linarudi Tanga. Dar kwake ni safari mpya, akanitajia bei ileile ya kuagiza.

Kwa gari la kurudi nikapatana laki sita, kupanda mpaka Lukozi ikiwemo. Tulianzia mbali, yeye laki nane, mimi laki nne na nusu na uso wa mtu anayeondoka. Hapo kinachokwambia uchukue gari zima au ulipie kwa gunia ni mgawanyo mmoja tu: bei ya gari gawanya kwa nauli ya gunia moja. Laki sita kwa elfu kumi ni sitini. Ukiwa na magunia yasiyofika sitini, panda na wenzako kwa gunia, usijitie ubosi. Ukizidi sitini, kila gunia la ziada linashusha nauli ya yote. Kwa gari la laki tisa ungehitaji tisini ndipo uanze kuona faida.

Mwisho wa kuzidisha ni mizani. Fuso la ekseli mbili haliruhusiwi kuzidi tani 18 kwa jumla, gari na mzigo. Uzito wa gari tupu umeandikwa mlangoni, usome mwenyewe, usimsikilize tandiboi. Hili lilikuwa karibu na nane, zinabaki kumi, ndiyo magunia mia ya kilo mia. Mimi nikapakia tisini na tano kwa sababu kuna dizeli, kuna watu, na karoti ina maji. Laki sita kwa tisini na tano ni kama elfu sita na mia tatu. Hii sasa ndiyo elfu sita ya kweli.

Angalizo la ekseli: jumla yaweza kuwa sawa na bado ukashikwa. Ya nyuma mwisho wake ni tani kumi. Vijana wavivu wanalundika magunia mkiani kwa sababu ndiko wanakopandia. Mkifika mizani ya Vigwaza mnaambiwa mpange upya usiku, kwa makuli wa hapo na bei ya hapo. Anza kupanga kwenye kichwa cha gari, urudi nyuma, na mkia uwe mwepesi.

Mtaniuliza, kwa nini kilo mia wakati wenzako wote wanafunga lumbesa? Nilipima lumbesa moja kwa mizani ya kuning'iniza, ikanipa kilo 138. Ukilipia kwa gunia, lumbesa ni rafiki yako, maana kilo thelathini na nane zimepanda bure, ingawa wenye magari wameshashtuka na wengi sasa wanaihesabu gunia moja na nusu. Lakini ukikodi gari zima, unalipia nafasi na uzito wote, hakuna cha bure. Kilemba cha juu kinakula nafasi, kinazuia gunia jingine kulala vizuri, na karoti za chini zinapondwa. Halafu sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na faini hailipwi na dalali. Hasara yake niseme ukweli: Ilala makuli na ushuru ni kwa gunia, kwa hiyo magunia mengi madogo yanalipa zaidi pale mlangoni, na mnunuzi aliyezoea lumbesa atakunja uso. Kwangu bado ilinilipa, kwa sababu sikutupa gunia hata moja.

Na hilo lilitokana na kuzianika karoti kivulini baada ya kuosha mpaka zikauke juu, kutandika fito kwenye sakafu ya bodi hewa ipite, na kuondoka jioni ili tupite Mombo na tambarare yote usiku, turubai likiwa limekunjwa. Bodi tuliisugua kwanza, ilikuwa inanuka sabuni ya unga.

Kuhusu pesa, dereva akikukubalia bei haraka sana, mpigie mwenye gari. Wako madereva wanaobeba mzigo wa kurudi kwa siri, bosi akigundua gari halijafika anaanza kupiga simu, na karoti zako zinaegeshwa Segera mpaka wapatane. Mimi natoa kwanza nusu ya pesa, ya dizeli, nusu nyingine naitoa gunia la mwisho likishuka, na ndani ya gari nampandisha mdogo wangu. Yeye halali, maana nimemwambia kila gunia litakalopungua linakatwa kwake.

Siku hizi nikiwa na magunia arobaini tu, natangaza nafasi kwa majirani: elfu nane kwa gunia la kilo mia, lumbesa sipakii. Wa kwanza kuleta alikuwa yule wa hesabu ya darasa la tatu. Akaomba elfu saba. Nikamwambia semitrela ipo Mombo, elfu sita.