Kumbukumbu ya mradi: tarakimu zinazopotea kabla modeli haijaiona picha

Wiki hii nimeshughulikia swali moja tu. Picha ileile ya ukurasa wa daftari langu la vipimo vya mvua husomwa bila kosa na modeli ya akili bandia iliyo katika kituo cha data cha mbali, ilhali Gemma 3, modeli ndogo ya Google yenye vigezo bilioni 4, inayofanya kazi ndani ya simu bila mtandao, hubadili tarakimu kadhaa. Mwanzoni nilidhani ni udogo wa modeli, lakini sasa naamini sehemu kubwa ya tatizo ni jinsi picha inavyoandaliwa.

Kamera hutoa picha ya pikseli 3000 kwa 4000, na tarakimu nilizoandika zina kimo cha pikseli 40 hivi. Gemma 3 huibana picha nzima iwe mraba wa pikseli 896 kwa 896, kwa hiyo kimo cha tarakimu hushuka hadi pikseli 9, na umbo lake hutanuka kwa kuwa picha haikuwa mraba. Kisha mraba huo hufupishwa kuwa tokeni 256, yaani vipande vya taarifa ambavyo modeli huvisoma, katika safu 16 zenye tokeni 16 kila moja. Kila tokeni hulazimika kubeba kimo cha pikseli 250 za picha ya awali, na katika daftari langu hiyo ni mistari mitatu ya maandishi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba modeli haisemi kuwa haioni, bali huandika tarakimu inayoelekea kufaa: 8 huwa 3, na 6 huwa 0. Nilibaini hilo kwa kujumlisha vipimo ilivyosoma na kulinganisha na jumla niliyopiga mwenyewe.

Nilijaribu kuikata picha iwe vipande 12 vya pikseli 1000 kwa 1000. Tarakimu zilibaki na kimo cha pikseli 36, na jumla ikalingana isipokuwa pale mstari ulipokatwa katikati. Nikavipanua vipande hadi pikseli 1150 ili vipishane. Tarakimu zikashuka hadi pikseli 31, ambazo bado zinatosha, ingawa sasa lazima nifute mistari iliyosomwa mara mbili. Gharama yake ni tokeni 3072 badala ya 256, na simu hupata joto na kuchelewa kujibu.

Seva ya mbali ina kumbukumbu na vichakataji vya kuitengea picha kubwa tokeni nyingi kwa mara moja, japo nayo inaweza kuipunguza picha inayozidi kikomo chake, na huhitaji picha yenyewe itoke kwenye simu.

Limebaki tatizo la vichwa vya safu wima: kipande cha chini hakina kichwa, hivyo modeli huchanganya kipimo cha asubuhi na cha jioni. Jaribio lijalo ni kunakili ukanda wa vichwa juu ya kila kipande kabla ya kukipunguza.