Nimeisikia hiyo "tu"

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anauza viazi Uyole. Mimi nashona nguo huku Mwanjelwa. Tunaonana mara chache, lakini meseji haziishi. Na yeye si mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi anakurudishia sauti ya dakika mbili: bei ya gunia, mteja aliyemtania, nani kaolewa, halafu anamaliza na "ndaga fijo, dada" hata kama hakuna nilichompa.

Aprili iliyopita, kwenye yale mavua ya huku ambayo nguo haikauki siku tatu, nilimwandikia jioni: "Umeshindaje mdogo wangu?" Jibu lilikuja saa 4:47 usiku.

"Niko hapa tu."

Nililisoma nikiwa nakunja kitambaa, nikaliweka. Baadaye kitandani likanirudia. Mimi nilikuwa nimeuliza ameshindaje, yeye kanijibu aliko. Ukimuuliza mtu hali yake akakujibu mahali, kuna kitu amekiruka. Na ile "tu" mwishoni ni kama mtu anayevuta pazia dirisha lake lisionekane ndani.

Lakini niseme ukweli, neno lenyewe peke yake halithibitishi kitu. Fundi mwenzangu hapa kibandani hujibu "nipo tu" kila siku ya Mungu, na akishamaliza kusema anaagiza chipsi mayai. Ndiyo lugha yake. Kilichonishtua kwa mdogo wangu ni kwamba haikuwa lugha yake. Nilirudi juu kwenye meseji zetu: wiki mbili hakuna sauti hata moja, majibu yote ya usiku, na mara mbili nilimwuliza habari za viazi akajibu "vipo".

Mwaka juzi nililiharibu jambo kama hili. Jirani yangu alinijibu hivyo hivyo, mimi nikamrushia "usijali, Mungu yupo, yatapita". Akasema amina. Hiyo amina ndiyo ilikuwa mwisho wa mazungumzo, maana baada ya hapo angeanzaje kusema kwamba anajali? Siku moja nikakuta kufuli mlangoni kwake, amehama. "Kwani una nini?" nayo haifai kwa meseji. Jibu lake ni "sina kitu", na mtu akishaandika hivyo anaona aibu kulirudi.

Kwa hiyo nikamwandikia: "Sawa mdogo wangu. Nimeisikia hiyo 'tu', huna haja ya kunieleza. Kesho jioni nakuja kuchukua viazi debe moja, nitakaa kidogo." Sikuweka alama ya kuuliza. Nilitaka apate kitu cha kupokea bila kulazimika kujibu, na viazi vilinipa sababu ya kufika isiyonuka huruma. Alijibu asubuhi: "Karibu dada."

Nilipanda daladala saa 9 alasiri. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitenge mabegani, simu imelazwa kifudifudi juu ya gunia. Ikaita. Akaigeuza, namba isiyo na jina, akaizima sauti, akailaza tena. Sikuuliza ni nani. Tukaingia ndani, nikachukua kisu, tukaanza kumenya viazi vya jioni. Wanaomenya viazi hawatazamani usoni. Macho yako kwenye kisu, na maneno mengine hutoka tu kwa sababu hakuna anayekukodolea.

Tulimenya kimya muda mrefu. Mimi kimya kinanitesa, kwa hiyo mara mbili nilitaka kuanza kumsimulia shida zangu za mwaka ule cherehani ilipoibwa. Nikaumeza ulimi. Ningeanza, angegeuka yeye wa kunipa mimi pole.

Badala ya "una nini" nikamwuliza, "Siku hizi, ni saa ngapi huwa pazito zaidi?"

Kisu kikasimama. "Saa 11 jioni, dada."

"Kuna nini saa 11?"

"Anapita kukusanya."

Basi yakatoka. Alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, 300,000, akanunua magunia 5 huko Isyonje. Gari lililobeba likakwama kwenye tope siku mbili, viazi vikaloa vikaanza kuoza, aliyookoa hayakufika magunia 2. Marejesho ni 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Alikuwa ameshalipa siku 17, kwa kuuza sufuria, kukopa kwa jirani na kuruka chakula cha mchana. Siku nne zilizopita hakuwa na kitu, na mkusanyaji alishaanza kuitazama televisheni yake.

Akalia. Sikumwambia anyamaze. Alipotulia nikamwuliza, "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia?" Akasema kwanza nisikilize. Kumbe lililomuuma zaidi ya deni ni kwamba mama alimkataza kukopa kule, na sasa kila akiona jina la mama kwenye simu anahisi tumbo linakaza. Hilo nisingelijua kama ningekimbilia mahesabu.

Kuna swali moja niliogopa, lakini nililiuliza waziwazi: "Umewahi kufika mahali ukawaza bora usiwepo?" Watu hudhani kuuliza hivyo kunampa mtu wazo. Hakumpi. Alifikiri, akasema, "Hapana dada. Natamani tu kulala niamke deni limeisha." Angesema ndiyo, usiku ule nisingeondoka kwake, na asubuhi ingetukuta hospitali, televisheni na deni vingesubiri. Hilo halimalizwi na dada mwenye kisu cha viazi.

Kumlipia sikuweza, sina 169,000 za kuweka mezani, na nilimwambia hivyo palepale ili asijenge matumaini. Nilichoweza ni kuwepo saa 11. Kijana alipofika kesho yake alinikuta mimi mlangoni na daftari. Nilimsalimia vizuri, nikamkaribisha kiti. Nikamwonyesha hesabu: 221,000 zimeshalipwa, zimebaki 169,000, huyu anaweza 8,000 kwa siku. Akacheka. Akasema ofisi haikubali, atabeba televisheni. Nikamwomba basi anionyeshe leseni ya ofisi yake, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa nayo. Hakuwa na jibu, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa mpole kidogo: 8,000, siku 22, lakini isikosekane hata siku moja. Tukaandika, wote watatu tukaweka sahihi.

Habari ya mama niliiacha mikononi mwake. Nilimwambia tu kwamba akitaka nitakaa pembeni yake wakati anapiga. Zilipita siku tisa ndipo aliponiita. Mama alifoka, akafoka, halafu akauliza kama amekula.

Deni liliisha Mei. Ila nimebaki na ugonjwa: kila meseji fupi yake naiangalia mara mbili. Juzi nimemwuliza, "Vipi leo mdogo wangu?" akajibu, "Niko hapa tu." Kabla sijavaa viatu ikaingia ya pili: "Hapa stendi dada, nasubiri gari. Usije."