Visima Vitano Vilivyobaki Viwili

Mwaka juzi nilikabidhiwa skripti ya filamu ya uchunguzi ya dakika 52, niipitie pamoja na wakili kabla haijarushwa hewani nchini Kenya. Ilihusu visima 14 vilivyolipiwa na serikali ya kaunti, ambapo timu yetu ilikuwa imevikuta 9 tu. Sentensi iliyonizuia ilikuwa katika dakika ya 31, na msimulizi alikuwa ameshairekodi: "Mkandarasi alizila pesa za visima vitano."

Kila sentensi inayomhusu mtu huwa naipa namba, na namba hiyo lazima iwe na karatasi yake katika jalada. Hii ilikuwa namba 47, na jalada lake lilikuwa nene: vocha za malipo, vyeti vya kukamilika kwa kazi vyenye sahihi ya mkaguzi wa kaunti, na picha za maeneo matupu. Nilizisoma zote jioni moja nikaona kwamba zilithibitisha malipo, na zilithibitisha kuwa pale mahali hapakuwa na kisima, lakini hakuna hata moja iliyoonyesha pesa ziliishia mfukoni mwa nani.

Mwandishi alipendekeza tuongeze neno "inadaiwa". Wakili alikataa, kwa sababu anayerudia kashfa ya mwenzake huhesabiwa kuwa ameisema mwenyewe, na mahakama huuliza mtazamaji wa kawaida ameelewa nini, si mwandishi alikusudia nini. Mtazamaji anaweza kuelewa kwamba mtu ametenda kosa, au kwamba zipo sababu za kumshuku, au kwamba zipo sababu tu za jambo kuchunguzwa, na kila ngazi ina uzito wake wa ushahidi. Sisi tulikuwa na ushahidi wa ngazi ya tatu, pengine ya pili, ilhali tumeandika ya kwanza. Mzigo wa kuthibitisha ukweli ungekuwa wetu, na kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa ya Kenya kinaagiza fidia isiyopungua shilingi 400,000 pale kashfa inapomhusisha mtu na kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mahakama inaweza kupanda juu yake.

Kisha tukafika kwenye haki ya kujibu. Barua iliyokuwa imetumwa ilisema kwamba tunatengeneza filamu kuhusu maji na tungependa maoni yake, na mkandarasi, kwa haki kabisa, hakuijibu. Niliandika nyingine iliyotaja maeneo matano kwa majina, tarehe ya kila malipo, na jambo tulilokusudia kulisema, nikampa siku kumi za kazi. Mkaguzi wa kaunti naye nilimwandikia, kwa kuwa sahihi yake ndiyo iliyofungua malipo, ingawa katika skripti alipita kama kivuli.

Mkandarasi alijibu siku ya nane akiambatanisha barua ya kaunti iliyoruhusu visima vitatu vihamishwe baada ya upimaji wa maji ya ardhini. Kwa kuwa barua kama hiyo yaweza kughushiwa, tulikwenda. Viwili vilikuwa vinatoa maji, na mama mmoja aliyekuwa akijaza mitungi alituuliza kwa nini tumekuja tumechelewa. Cha tatu kilikuwa bomba lililofunikwa kwa bati la chuma lililochomelewa: shimo lilichimbwa likakosa maji, na kwa mkataba ule mita zilizochimbwa hulipwa hata kama maji hayakupatikana. Visima vitano vikawa viwili, na filamu nzima ikabadilika uzito. Mkaguzi hakujibu kamwe.

Namba 47 tuliiandika upya: "Kwa visima viwili, vyeti vya kukamilika vilitiwa sahihi na malipo yakafanyika; tulipofika katika maeneo yaliyotajwa hatukukuta kisima. Mkandarasi anasema alivichimba na mitambo ikaibiwa. Mkaguzi wa kaunti hakujibu maswali yetu." Jibu la mkandarasi liliwekwa papo hapo, maana likisubiri dakika ya mwisho, aliyebadilisha stesheni hatalisikia.

Nilidhani tumemaliza, hadi nilipoitazama filamu picha na sauti zikiwa pamoja, jambo ambalo skripti peke yake haikuweza kunionyesha. Msimulizi alipokuwa akisema juu ya visima hivyo viwili, lori la kuchimbia lilikuwa likipita barabarani, na mlangoni lilikuwa na jina la kampuni nyingine kabisa, isiyohusika na zabuni ile. Mpiga picha alilipiga njiani kwa sababu lilipendeza. Kulififisha jina kusingetosha, kwani rangi za malori yake zinajulikana kaunti nzima, kwa hiyo mhariri wa picha aliliondoa na kuweka picha ya vile vyeti.

Sauti ya namba 47 ilirekodiwa upya asubuhi iliyofuata, na jalada lake bado liko kabatini.