Jumanne ya mbio mbili: kilomita 14 alfajiri, tano jioni, na kazi katikati

Saa kumi na moja alfajiri

Eldoret bado kuna giza, na kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari baridi ya saa hii haina mzaha. Kabla ya kutoka ni maji glasi moja na ndizi nusu. Mazoezi magumu ya siku ni ya asubuhi, na jioni kuna mbio nyepesi za kilomita tano. Siku nyingine zote za wiki ni mara moja tu.

Wiki yenyewe ilikuwa hivi kabla ya kuongeza chochote: Jumatatu kilomita 10, Jumanne 14, Jumatano 12, Alhamisi 14, Ijumaa kupumzika, Jumamosi 10, Jumapili 20. Jumla 80, shabaha ikiwa nusu marathoni. Kwa mtu wa kazi za ofisini, hapo ndipo swali la kukimbia mara mbili linapoanza kuwa na maana. Anayekimbia kilomita 45 kwa siku nne hahitaji mbio za jioni. Anahitaji siku ya tano, kisha ya sita, kisha arefushe zile alizonazo mpaka nyingi zifike saa nzima. Akigawa kilomita 10 zake kuwa tano asubuhi na tano jioni, idadi ya kilomita inabaki ileile, ila anapoteza zile dakika 20 za mwisho ambazo miguu imechoka na mwili unajifunza kustahimili. Mbio za pili ni za kuongeza juu ya zilizopo. Ukizitumia kukatakata zilizopo, umejirudisha nyuma.

Kuna mmoja tu ninayemruhusu kuvunja kanuni hii: mwenye dakika 35 asubuhi na 35 jioni na hana saa nzima popote. Huyo agawe, lakini mbio ndefu za wikendi asiziguse.

Saa kumi na moja na dakika 40

Kilomita 3 za kupasha mwili, polepole, kwa tochi ya kichwani kwa sababu barabara ya vumbi ina mashimo. Kisha dakika kumi za kunyoosha viungo na mikimbio minne ya mita 80. Mpaka hapo mwanga umeanza kutosha, na kazi yenyewe inaanza: kilomita moja mara sita, kila moja kwa dakika 3 na sekunde 50, katikati mita 400 za kukimbia taratibu. Halafu kilomita 3 za kupoza mwili. Ukijumlisha ni 3, 6, 2 na 3: kilomita 14.

Kwa nini jioni iwekwe siku ya mazoezi magumu, wakati akili inasema iwekwe siku nyepesi? Kwa sababu siku nyepesi ina kazi yake, nayo ni kukuacha upone. Ukiweka mbio za jioni Jumatano, basi Jumanne umechoka, Jumatano hukupona, na Alhamisi unaanza na miguu mizito. Ni afadhali mzigo wote ulundikwe siku moja, kisha siku inayofuata iwe nyepesi kwelikweli.

Na kwa nini hizo tano zisiongezwe palepale asubuhi, ziwe 19? Baada ya mikimbio sita ya kasi, mwendo huanza kuharibika: nyonga zinashuka, mguu unatua mbele mno, na kilomita za ziada zinaangukia kwenye kano na mifupa badala ya kujenga pumzi. Saa kumi baadaye, kilomita tano zilezile zinakimbiwa kwa umbo zuri. Hiyo ndiyo faida halisi ya kugawa.

Saa moja na dakika tano asubuhi

Sasa saa inahesabu. Mbio za jioni zitaanza saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo pengo ni zaidi ya saa kumi. Chini ya saa nne, hizo si mbio mbili, ni moja iliyokatwa na kifungua kinywa. Saa sita ni kiwango cha chini ninachokiheshimu, na nane mpaka kumi ndiyo nafasi nzuri, hasa kama asubuhi kulikuwa na kasi.

Lakini pengo halina kazi kama tumbo ni tupu. Misuli inajaza upya akiba yake ya wanga kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo baada ya mazoezi, na siku ya kawaida ya mbio moja huna haja ya kuharakisha kwa sababu una saa 24. Siku ya mbio mbili huna. Kipimo ni gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya kwanza. Mtu wa kilo 60 anatafuta gramu 60. Kikombe kikubwa cha uji wenye vijiko viwili vya sukari kinakupa kama 35, na vipande viwili vya mkate vinakamilisha. Ongeza yai kwa ajili ya misuli.

Anayenyemelea kupunguza uzito kwa kuruka kifungua kinywa atagundua kosa lake jioni: miguu kama magogo kuanzia kilomita ya pili, na usiku njaa ya kumaliza sufuria.

Saa mbili na nusu hadi saa saba

Kazini. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanariadha wa kambini, na tofauti hii watu huisahau. Huko Iten na Kaptagat wanakimbia saa kumi na mbili asubuhi, wengine tena saa nne, halafu mbio za taratibu jioni. Eliud Kipchoge kwa miaka mingi amejulikana kupita kilomita 200 kwa wiki kwa mpango wa namna hiyo. Ila katikati ya mchana kambi nzima imelala. Wewe katikati ya mchana una wateja, ngazi na bosi. Kwa hiyo usinakili kilomita zao bila kunakili usingizi wao. Kitu cha kunakili ni mwendo wao wa jioni: watu wanaokimbia marathoni kwa dakika 3 kila kilomita utawakuta jioni wakiburuta miguu kwa dakika 5 na nusu au 6, wakipiga soga.

Saa nne ni ndizi na maji. Kila nusu saa simama utembee kidogo, maana mashavu ya miguu yaliyopiga kasi asubuhi yanakakamaa yakikunjwa chini ya meza.

Saa saba mchana

Ugali au wali, ndengu, sukuma wiki, chungwa. Chakula hiki kina saa nne na nusu za kushuka kabla ya mbio, na hizo zinatosha hata kwa ndengu. Ukila saa tisa, utakimbia na kichomi. Chai iache ikae saa moja baada ya chakula. Chai inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye ndengu na mboga, na mkimbiaji anayeongeza kilomita huku akiishi kwenye mwinuko anayahitaji kuliko jirani yake.

Saa kumi

Ndizi nyingine, maji, na kutazama mawingu. Msimu wa mvua, ngurumo za Uasin Gishu hupenda alasiri. Ikinyesha na radi, mbio za jioni zimefutwa. Hazihamishiwi kesho asubuhi, wala hazidaiwi Alhamisi. Ndizo mbio za kwanza kutolewa kafara wiki ikibana, na ukizidai kama deni utajikuta Jumatano na kilomita 17 katika siku iliyopaswa kuwa nyepesi.

Saa kumi na moja na nusu jioni

Dakika tano za kutembea kwanza, kwa sababu mwili umetoka kitini. Raba ni nyingine, laini zaidi, maana za asubuhi bado zina unyevu wa umande na jasho. Kilomita ya kwanza kwa dakika 6 na nusu, zinazobaki kwa 6 au pungufu kidogo. Jumla ni nusu saa. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umekwenda kasi mno.

Chini ya dakika 25 karibu haifai kuvaa raba, na zaidi ya dakika 40 kwa anayeanza ni mzigo wa pili badala ya nyongeza. Hatari kubwa ya saa hii ni kujisikia vizuri. Jioni mwili una joto kuliko alfajiri, kilomita ya tatu inakuja na utamu, na mara umefika dakika 5 kwa kilomita. Leo hakuna atakayeona tatizo. Litaonekana kesho.

Kuna wanaofanya mazoezi magumu mara zote mbili kwa siku, na Wanorwe wakiongozwa na mfano wa mkimbiaji wao Jakob Ingebrigtsen wameifanya mbinu hiyo iwe maarufu. Lakini wao huchomwa kidole au sikio na kupima damu katikati ya mazoezi ili wasivuke kiwango cha juhudi walichopanga. Bila kipimo hicho, unachofanya ni kukimbia kwa nguvu mara mbili na kusubiri jeraha.

Saa moja usiku

Kula mapema, wanga tena pamoja na maharagwe au samaki. Kulala ni saa tatu na nusu, nayo haijadiliwi. Kama mbio za jioni zinasukuma usingizi chini ya saa saba, ziondoe. Kilomita tano nyepesi hazilipi saa moja ya usingizi uliopotea.

Pengo la pili, ambalo wengi hawalihesabu, ni hili la usiku. Kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka mbio za Jumatano kuna saa kumi na mbili hivi. Anayekimbia saa mbili usiku kwa sababu ya foleni kisha anaamka saa kumi na moja ana saa tisa tu. Kwa huyo, Jumatano isogezwe jioni.

Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mpigo wa moyo kabla ya kutoka kitandani, ukihesabiwa dakika nzima, ndio hukumu ya kwanza. Ukizidi wa kawaida kwa mapigo matano au zaidi asubuhi mbili mfululizo, mzigo umezidi. Ya pili ni ukano wa kisigino: ugumu unaoachia ndani ya dakika kumi za kukimbia ni wa kawaida, usioachia si wa kawaida. Ya tatu ni kilomita 12 zenyewe, kwa mwendo wa kila siku. Zikidai juhudi kubwa kuliko wiki iliyopita, punguza ziwe 8 na ufute jioni ya Jumanne ijayo.

Zikipita salama kwa wiki tatu, na wiki ya nne ukashusha jumla mpaka 70 hivi, ndipo Alhamisi nayo inapata kilomita tano za jioni. Hapo umefika 90. Kutoka hapo unarefusha hizo tano ziwe sita, saba, kabla ya kufikiria jioni ya tatu. Jumapili hubaki mara moja tu, na Jumamosi jioni raba zinakaa mlangoni.