Siku moja maishani mwangu: kuandika habari ya lita 3,750

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye kituo cha kupokea maziwa, Bahati. Ndimi ninayeandaa jarida la wafanyakazi la ushirika wetu hapa Nakuru, na toleo hili ni la timu iliyopunguza maziwa yanayokataliwa. Mpimaji anachanganya maziwa na spiriti, kiasi sawa, kisha anatikisa. Yakishikana vipandevipande yameanza kuchacha, na mwenyewe atarudi nayo nyumbani.

Saa tatu nafungua daftari za mapokezi. Agosti mwaka jana tulipokea lita 120,000, zikakataliwa 4,800. Agosti hii tumepokea 150,000, zimekataliwa 2,250. Yaani tumetoka lita 4 kwa kila 100 hadi moja na nusu. Kwa kiwango cha zamani tungepoteza lita 6,000 mwezi huu, kwa hiyo zilizookoka ni 3,750. Ofisi ilitaka tulinganishe na Machi, kwa kuwa tofauti ingeonekana kubwa zaidi. Nimekataa. Machi kuna joto na maziwa huchacha haraka, hivyo tungeipa timu sifa ya baridi ya Agosti.

Kuna jambo jingine lazima nilihakikishe: pengine tumeanza tu kupima kwa ulegevu. Napiga simu kiwandani. Hawajarudisha lori letu hata moja mwezi mzima. Sasa naweza kuandika.

Rasimu niliyopewa inawataja msimamizi na mpimaji peke yao. Saa tano namuuliza mpimaji ni nini hasa kilichobadilika.

"Mimi napima tu, dada. Kupima hakuzuii maziwa kuchacha. Waulize akina mama wanaoosha mitungi, na wale vijana wa pikipiki."

Akina mama ndio walioshikilia kwamba jerikeni za plastiki ziondolewe. Mdomo wake ni mwembamba, mkono haufiki chini, na mabaki yanayoganda humo huchachusha maziwa ya kesho yake. Mtungi wa aluminiamu una mdomo mpana, brashi inafika kila pembe. Nao vijana waliigawa njia moja ndefu kuwa mbili fupi, ili maziwa ya mkulima wa kwanza yasikae juani yakingoja ya mkulima wa mwisho.

Kipi kilisaidia zaidi? Mambo yote mawili yalianza wiki moja, kwa hiyo hesabu haiwezi kuyatenganisha. Naandika hivyo hivyo, na kila kundi linapata aya yake. Msimamizi anabaki, kwa kazi aliyoifanya kweli: alitafuta pesa za mitungi.

Saa nane namsomea kila mmoja sehemu yake. Mama mmoja ananisahihisha: wazo la brashi ya mpini mrefu lilitoka kwa mkulima wa Subukia. Naliongeza.

Saa kumi jarida linatumwa kwa barua pepe. Nakala mbili nazichapisha na kuzibandika pale mitungi inapooshewa, kwa sababu wanaofanya kazi hapo hawana barua pepe ya ofisi.