Kumkaribia profesa mashuhuri bila kujiona mdanganyifu: kilichotatua

Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza hali hii: mtu mwenye uwezo anajiona ameingia kwa bahati na karibu atagundulika. Kwenye makongamano humpata sana mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuzungumza na profesa ambaye vitabu vyake amevisoma tangu mwaka wa kwanza.

Kujipa moyo hakusaidii sana. Kinachoitia nguvu hofu ni kwenda mikono mitupu, maana sifa tupu zinamgeuza profesa kuwa hakimu, nawe mshtakiwa. Nenda na kitu kimoja ulichokiona mwenyewe uwandani, kisha uliza swali moja analoweza kulijibu akiwa amesimama na kikombe cha chai.

Kwa mfano, anayekusanya kwa wavuvi wa Pemba majina ya pepo zinazovuma baharini aseme hivi: "Shikamoo Profesa. Ninafanya utafiti wa majina ya pepo kule Wete. Nimepata matatu ambayo siyaoni kwenye kamusi. Je, umeyasikia Mombasa?" Kisha ayataje.

Iandike salamu yako hiyo kwenye kikaratasi, uisome kwa sauti mara tano. Ikizidi nusu dakika, punguza. Kosa la kawaida ni kutanguliza "samahani, mimi bado mwanafunzi tu", kwa kuwa hapo mazungumzo yanakuhusu wewe badala ya pepo.

Akikujibu kwa mkato huku akitazama mlango, ana haraka. Omba ruhusa ya kumwandikia baruapepe, shukuru, ondoka. Moyo bado utadunda, lakini ulimi utakuwa na la kusema.