Sentimita sita za usiku mmoja

Ujumbe wa kwanza niliufuta kabla sijautuma. Nilikuwa nimeuandika nimesimama jikoni na ndoo tupu mkononi, na ulianza hivi: "Kuna watu humu wanachezea maji." Niliusoma mara mbili, nikaona kwamba kila jirani atakayeupokea atajiuliza ni yeye ninayemsema, na hakuna atakayenijibu.

Tulikuwa milango sita katika ua mmoja, watu 23 kwa jumla, na tangi moja la lita 5,000 juu ya msingi wa matofali karibu na geti. Maji ya bomba yalifika kila baada ya siku nne, tena usiku, na kwa kuwa hayakuwa na nguvu ya kupanda yenyewe, ilibidi kuwasha pampu. Aliyekuwa akiiwasha ni mlinzi. Hilo hatukuliwaza sana mpaka alipoondoka. Alikuwa hajalipwa miezi miwili, si kwa sababu hatukuwa na pesa bali kwa sababu kila mtu alikuwa akimpa fungu lake kwa wakati wake: huyu leo, yule wiki ijayo, mwingine amesahau. Kwetu ulikuwa uzembe mdogo wa kila mlango. Kwake ulikuwa mshahara usiotimia.

Baada ya hapo geti likawa linalala wazi siku nyingine, na maji yakawa yanakwisha siku ya tatu. Maneno yakaanza. Mlango wa tatu wanaishi watu saba, basi wao ndio wakawa wa kwanza kunyooshewa kidole. Mama wa nyumba ile alinijia jioni moja akaniambia, "Jirani, mimi nafua mara mbili tu kwa wiki. Kama kuna anayejua maji yanakokwenda, aniambie na mimi."

Swali lake ndilo lililonipandisha kwenye ngazi. Nilizungusha kamba kwenye tangi nikaipima, nikapata kwamba upana wake ni kama mita 1.8. Kwa tangi la upana huo, kila sentimita moja ya kina ni takriban lita 25. Saa nne usiku, baada ya kuwaomba wote wafunge koki zao za ndani na wasivute vyoo mpaka asubuhi, nilizamisha ufito ulionyooka mpaka chini, nikautoa, nikakata alama pale ulipoishia kulowa. Saa kumi na moja alfajiri nikazamisha tena. Maji yalikuwa yameshuka sentimita sita. Lita 150 zilikuwa zimeondoka watu wamelala.

Nikapiga hesabu. Tukitumia lita 40 kwa kila mtu, ni lita 920 kwa siku. Tundu la kutolea maji liko juu kidogo ya sakafu ya tangi, kwa hiyo lita 300 hivi za chini hazitoki, tunabaki na 4,700. Hizo zingetosha siku tano. Lakini uvujaji wa lita 150 kwa saa saba ni zaidi ya lita 500 kwa siku nzima, na ukizijumlisha, tangi halifiki siku ya nne. Familia ya watu saba haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ni kama tumempangisha mtu wa siri anayetumia maji ya watu kumi na wawili.

Kabla ya kumwomba mtu mwingine afungue mlango wake, nilianza na wangu. Nilidondosha matone ya wino wa bluu kwenye tangi dogo la choo, nikakaa bila kuvuta. Baada ya robo saa, ukaonekana uzi mwembamba wa bluu ukiteremka ukutani mwa bakuli, kimya kabisa, bila hata mlio wa tone. Mpira wa chini ulikuwa umekakamaa na haukuziba. Nilifunga koki ya choo changu, nikarudia kipimo usiku uliofuata, na maji yakashuka sentimita nne badala ya sita.

Hapo ndipo nilipoandika ujumbe wa pili, na huu niliutuma:

"Majirani, habari za jioni. Nimepima tangi usiku mara mbili. Mara ya kwanza yalipotea maji ya sentimita sita, yaani lita 150. Sentimita mbili kati ya hizo zilikuwa za choo changu, nimeshakifunga, naomba radhi. Nne zilizobaki bado zinavuja mahali. Naomba kila mlango upime choo chake kwa wino. Nitaleta wino mimi.

Pia napendekeza tugawane hivi. Mlinzi tumlipe kwa mlango, sawa kwa sawa, maana geti linatulinda sote kwa kipimo kimoja. Matengenezo ya tangi na pampu vivyo hivyo. Lakini bili ya maji na umeme wa pampu tugawane kwa vichwa: mafungu 23, kila mtu fungu moja. Michango ifike tarehe 25, mlinzi alipwe yote kwa mkupuo tarehe 28. Kila mlango ushike zamu wiki moja: kupima tangi jioni, kupokea taarifa ya mlinzi, kutunza funguo za pampu. Hata wakati hatuna mlinzi, mwenye zamu afunge geti saa nne usiku. Naombeni maoni."

Maoni yalikuja, na yalikuwa ya haki. Mzee wa kona anayeishi peke yake alikuwa akilipia maji karibu mafungu manne kwa mtindo wa zamani wa kugawa bili sawa kwa kila mlango. Sasa lingekuwa moja, naye aliuliza kwa upole kama haitakuwa mzigo kwa wenzake. Mama wa mlango wa tatu aliuliza kama watoto wake wawili wachanga wanahesabiwa sawa na watu wazima. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Tulikubaliana wahesabiwe nusu nusu, mafungu yakawa 22, yeye akatoa sita. Binafsi naamini nepi zina kiu kuliko mtu mzima yeyote, lakini makubaliano ambayo mtu ameyatamka kwa kinywa chake hudumu kuliko hesabu iliyonyooka, kwa hiyo sikubisha. Dada muuguzi wa mlango wa tano alisema wiki zake za usiku hawezi kufunga geti, tukampangia wiki za mchana. Mzee alisema hapandi ngazi tena. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kuunga mpira angavu kwenye bomba la kutokea maji na kuusimamisha ubavuni mwa tangi, ili kina kionekane kutoka chini bila kufungua kifuniko.

Uvujaji uliobaki ulikuwa wa sehemu mbili: choo cha mlango wa pili, na koki ya uani iliyokuwa ikidondokea kwenye nyasi ambazo sote tulikuwa tukishangaa zinavyostawi.

Mlinzi nilimfuata mwenyewe. Nilimpelekea malimbikizo yake ya miezi miwili, yametimia, na orodha ya michango yenye sahihi za milango sita. Aliisoma jina kwa jina, akaikunja, akauliza funguo za pampu ziko kwa nani wiki hii.

Usiku aliorudi tulipima kwa mara ya tatu, yeye akishika tochi. Alfajiri ufito ulilowa mpaka kwenye alama ileile.